Dagaa wa kuchemsha au mwani: kipi kinamfaa mtumishi anayeishi Bagamoyo?

Mwalimu wa Zamu

Assalaam aleikum na habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo, mwendo wa robo saa kwa miguu hadi ufukweni. Mke wangu anashona nguo nyumbani, na mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 58 na nguvu zake bado anazo, anaishi pamoja nasi. Tumeweka akiba ya shilingi 600,000 na tunataka kuianzishia kazi ya pembeni. Baada ya mazungumzo mengi tumebaki na mambo mawili: kununua dagaa wabichi kwa wavuvi, kuwachemsha, kuwaanika na kuwauza wakavu, au kulima mwani kwa kamba, kama wafanyavyo akina mama wa Mlingotini.

Jirani mmoja ananiambia kwamba mwani hauna hasara kwa sababu bahari haidai kodi ya shamba. Mwingine anasema dagaa hurudisha fedha ndani ya siku mbili, ilhali mwani humsubirisha mtu mwezi na nusu. Naomba walio ndani ya kazi hizi wanilinganishie, si kwa bei ya kilo peke yake, bali kwa muda na mikono inayotakiwa, kwa kuwa mimi huwa darasani tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Bi Kamba (Jambiani)

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nimelima mwani tangu miaka ya tisini, muda mfupi baada ya kilimo hiki kuanza huku kwetu na Paje mwaka 1989, kwa hiyo nitasema ninalolijua na dagaa nitawaachia wenyewe.

Umeuliza jambo ambalo wengi hawaliulizi, nalo ni la saa. Mwani haulimwi kila siku. Shamba huingilika wakati wa bamvua tu, yaani zile siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi kuwa mpevu, maji yanapokupwa hadi vigingi vikaonekana. Katika pwani yetu yote, kupwa kwa bamvua huangukia asubuhi kuelekea mchana. Siku ya kwanza utaingia kama saa tatu na nusu, siku inayofuata dakika arobaini au hamsini hivi baadaye, na kuendelea hivyo hadi siku ya nne au ya tano. Kisha yanakuja maji mafu, ambayo hata yakitoka hayatoki vya kutosha, nawe utakaa nyumbani karibu wiki nzima. Kupwa kwa pili kwa siku hiyohiyo huwa usiku wa saa nne, na sijaona mtu akifunga mbegu kwa tochi akadumu nayo. Hii ina maana kwamba wewe mwenyewe, Mwalimu, hutaliona shamba lako isipokuwa bamvua ikiangukia Jumamosi, Jumapili au likizo. Mkulima atakuwa mama mkwe wako, pamoja na mkeo akikubali kuacha cherehani.

Kuhusu mapato, chukua kamba 100 za mita tano tano. Kila kamba hubeba mbegu 25, na kila mbegu tunaikadiria gramu 100. Baada ya wiki sita, ikiwa maji ni mazuri, mimi huhesabu kilo 10 mbichi kwa kamba, nikiwa nimekwisha kutoa kilichokatwa na mawimbi na kilicholiwa na tasi, maana samaki huyo akiingia shambani hula ncha changa zote na kuacha vigutu. Katika kilo hizo 10, kilo mbili na nusu zinarudi kuwa mbegu. Zilizobaki, saba na nusu, zikikauka hubaki kilo moja. Kwa hiyo kamba 100 ni kilo 100 kavu. Mara ya mwisho niliuza mwani wa aina ya spinosamu kwa shilingi 800 kwa kilo, kwa hiyo ni shilingi 80,000 kwa mavuno. Kalenda ingeruhusu mavuno manane kwa mwaka, lakini mimi hupata matano au sita, kwa kuwa kwenye joto la kaskazi, Januari hadi Machi, mwani hudumaa au huwa mweupe na kukatika.

Usisahau kwamba kamba 100 ni vifundo 2,500 vya mkono. Kazi hiyo unaweza kuifanyia kivulini, mbegu zikiwa zimefunikwa na kumwagiwa maji ya bahari, lakini mgongo ni uleule.

Kijana wa Kina

Mimi nashangaa kuona watu bado wanapiga hesabu ya spinosamu. Mwani unaolipa ni kotonii, ambao bei yake ni karibu mara mbili, na kazi ya kuulima ni ileile, kamba zilezile na wiki zilezile sita. Mwalimu, panda kotonii kamba 100 hizohizo, na hesabu ya Bi Kamba itapanda kutoka 80,000 hadi 160,000 bila jasho la ziada.

Bi Kamba (Jambiani)

Mwanangu, bei umeisema sawa. Tatizo ni kwamba kotonii haipendi maji ya moto, na maji ya kupwa katika kina kifupi hupata moto kweli. Sisi hapa tuliilima miaka ya mwanzo ikastawi, kisha ikawa inakufa msimu baada ya msimu, hata wengi wetu tukarudi kwenye spinosamu kwa kukosa mbegu ya kuanzia upya. Utaijua inapoanza kuugua: tawi moja hupauka katikati, sehemu hiyo huwa laini kama nyama iliyochemshwa, kisha hukatika, na ncha iliyo nzima huondoka na mkondo. Ukiona weupe kwenye kamba moja, vuna kamba zote zinazoizunguka siku hiyohiyo, hata kama hazijatimiza wiki sita.

Wanaofanikiwa na kotonii siku hizi wengi wao wameipeleka maji ya kina, penye ubaridi na mzunguko, kwa kamba au nyavu zinazoelea. Huko unahitaji chombo, nanga na mtu anayejua kuogelea. Mama wa miaka 58 asiyejua kuogelea usimpeleke huko kwa ajili ya tofauti ya bei.

Mkazi wa Kibuyuni

Naongeza neno kutoka Kwale, upande wa Kenya. Sisi tunalima aina zote mbili kwa kikundi, na jambo lililotusaidia kuliko aina ya mbegu ni chanja za kuanikia. Mwani ulioanikwa mchangani hubeba mchanga, na mnunuzi hukata bei au huukataa. Ukinyeshewa ukiwa nusu mkavu, chumvi yake hutoka, rangi hupotea, na huo hauuziki hata ukikauka tena. Kipimo chetu ni ngumi: unashika konzi ya mwani na kuikamua, mkono usilowe, punje za chumvi zionekane, na tawi lipinde bila kukatika. Ukikatika kama kijiti umeukausha kupita kiasi na umejipunja uzito wako mwenyewe.

Mwalimu, kabla ya kupigilia kigingi chochote, nenda ukaangalie eneo lako wakati wa masika. Bagamoyo mna Mto Ruvu upande wa kaskazini, na vijito vidogo kwingineko. Mwani hauvumilii maji matamu, na shamba lililo karibu na mlango wa kijito linaweza kufa kwa mvua ya wiki moja. Waulize wenyeji wa Mlingotini ni wapi hawalimi na kwa nini.

Mama Chanja

Sasa niseme la dagaa, kwa maana ndilo linalonilisha. Nafanya kazi hii ufukweni kaskazini mwa Dar es Salaam, na dagaa wetu ni wa baharini, wale mchele, ambao huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi ndipo wakaanikwa.

Wavuvi wa dagaa hutumia taa, kwa hiyo hutoka usiku wa giza na kurudi alfajiri. Wewe unatakiwa uwe ufukweni saa kumi na moja au saa kumi na mbili, moto ukiwa tayari, kwa sababu ubora wa dagaa huamuliwa katika saa mbili tatu za mwanzo. Dagaa aliyechelewa kuingia motoni hupasuka tumbo anapochemka, kichwa hulegea, na akikauka huwa vipande. Kabla ya kulipa, tia mkono hadi chini ya ndoo, usitazame juu tu; juu huwekwa wanaong'aa.

Tunawachovya kwa tenga, si kuwamimina sufuriani, ili uweze kuwainua wote kwa pamoja. Maji yawe yanatokota kweli kabla ya kuwatia, nao wakae dakika chache tu, hadi jicho liwe jeupe na mgongo ukakamae. Kisha wachuje maji vizuri, uwatandaze kwenye wavu juu ya chanja, safu moja isiyopandana. Jua likiwa kali, jioni yake wanaweza kuwa tayari; mara nyingi huingia siku ya pili. Usiku lazima waondolewe na kufunikwa, kwa sababu umande huwarudisha nyuma nusu siku. Dagaa mkavu huvunjika kwa sauti. Akipinda, bado, na ukimtia kwenye gunia hivyo atakupandia ukungu kabla hajafika kwa mnunuzi.

Hesabu yangu ya mara moja ni hii. Nilinunua ndoo 10 za lita 20 kwa shilingi 22,000 kila moja, jumla 220,000. Chumvi, kuni na wabebaji vilinigharimu 30,000. Ndoo moja ina karibu kilo 18 za dagaa wabichi, na kilo nne mbichi hunipa kilo moja kavu, kwa hiyo nilipata kilo 45. Niliziuza kwa 7,000 kila kilo, nikapokea 315,000. Faida ikawa 65,000 kwa siku mbili, tukiwa wanawake wawili.

Wiki iliyofuata nilinunua kiasi kilekile kwa bei ileile. Mvua ikaanza saa sita mchana na haikukatika hadi kesho yake. Dagaa walinata, wakatoa harufu, wakawa wekundu. Niliwauza kwa mtu wa chakula cha kuku kwa shilingi 2,000 kwa kilo, nikapata 90,000. Hasara 160,000. Siku moja ya mvua ilimeza faida ya mizunguko miwili na nusu. Ndiyo sababu mimi katika masika hununua ndoo mbili au tatu tu, na alfajiri yenye mawingu mazito kusini narudi nyumbani na fedha yangu mfukoni, hata wenzangu wakinicheka.

Msafiri wa Mwaloni

Nimesoma kwa hamu, ila sielewi mnachemsha dagaa kwa nini. Huko ni kupoteza kuni na muda. Sisi tunaonunua katika visiwa vya Ziwa Victoria na kuuza Kirumba Mwaloni, Mwanza, dagaa hutoka mtumbwini na kwenda moja kwa moja juani. Zamani tulianika mchangani na juu ya mawe, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo, lakini tangu nilipotengeneza chanja, wanunuzi wanaopeleka Kongo wananitafuta wao wenyewe, kwa kuwa wamechoka kutafuna mchanga. Mwalimu, achana na chungu, tengeneza chanja ndefu tatu, utaniombea dua.

Mama Chanja

Ndugu yangu wa Mwaloni, chanja tumekubaliana. Dagaa wako na wangu ni samaki tofauti. Mwalimu yuko Bagamoyo, penye unyevu wa bahari na dagaa wa baharini ambaye ukimtandaza mbichi utumbo wake humharibu kabla jua halijamaliza kazi, na wanunuzi wa hapa wamezoea rangi nyeupe ya aliyechemshwa. Akiwaanika wabichi atawauza kwa nani?

Msafiri wa Mwaloni

Nimekuelewa, mama, sikuona kwamba ni wa baharini. Hata hivyo, bado nasema aongeze chumvi nyingi katika hayo maji. Chumvi ikizidi, hata mvua ikija hawaozi.

Mama Chanja

Chumvi huzuia kuoza, hilo ni kweli, na nilipokuwa mgeni nilifanya hivyohivyo. Lakini dagaa mwenye chumvi nyingi huvuta unyevu wa hewa. Utamweka stoo mkavu, baada ya siku tatu za hewa nzito utamkuta amelowa tena, na uzito huo wa maji mnunuzi mwenye uzoefu haulipi. Watu wa Kongo ninaowauzia huonja kabla ya kupima.

Nikumbushe pia kuhusu kuni. Mikoko haikatwi bila kibali, na wengi wamekamatwa kwa hilo. Na kabla ya kusafirisha gunia la kwanza, muone ofisa uvuvi wa wilaya kuhusu leseni na kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi. Kizuizi cha barabarani si mahali pa kujifunzia taratibu hizo.

Mwalimu wa Zamu

Nawashukuru sana. Jana usiku nilichukua kalenda ya ukutani yenye alama za mwezi, mke wangu akakaa pembeni, tukajaribu kuziweka kazi hizi mbili juu ya mwezi mmoja. Tulichokiona kimenishangaza, nami nakileta mkisahihishe.

Wavuvi wa dagaa hupumzika siku kadhaa mwezi unapokuwa mpevu, kwa sababu taa zao hazivuti samaki katika mbalamwezi. Siku hizohizo ndizo za bamvua ya kwanza ya mwani. Kwa hiyo katika bamvua ya mwezi mpevu hakuna dagaa wa kununua, na mama pamoja na mke wangu wanaweza kwenda shambani bila kuacha kitu. Bamvua ya mwezi mwandamo ndiyo inayogongana: dagaa wanaingia alfajiri kwa wingi, wanachemshwa hadi saa mbili, wanatandazwa hadi saa tatu, na saa tatu na nusu maji yamekupwa. Je, mwani unaweza kuhudumiwa mara moja tu kwa mwezi?

Mimi mwenyewe, kwa saa zangu, naona ninaweza kuwa ufukweni saa kumi na moja alfajiri, nikachagua na kununua, nikabeba, nikawasha moto, kisha nikaenda kazini. Kwenye mwani ningekuwa mtu wa Jumamosi tu.

Bi Kamba (Jambiani)

Umefikiri vizuri, Mwalimu, na nakiri sikuwahi kuziweka pamoja hivyo. Ila mara moja kwa mwezi haitoshi. Wiki sita hugusa bamvua nne: unapanda ya kwanza, ya pili unakwenda kukaza vigingi, kung'oa majani yanayopanda juu ya mwani na kufunga upya vilivyokatika, ya tatu bado hujafikia kuvuna, na ya nne unavuna na kupanda tena. Ukikosa ile ya pili, hasa wakati wa kusi ambapo mawimbi hulegeza vigingi, utakuta kamba zimejisokota pamoja kama nywele. Kamba 30 mama anaweza kuziangalia peke yake kwa saa mbili wakati mkeo yuko kwenye chanja. Kamba 100, hapana.

Mama Chanja

Mimi nakataa hata hizo 30. Katika bamvua ya mwandamo, ambapo dagaa ni wengi na bei ya kununulia imeshuka, ndipo ninapopata fedha yangu ya mwezi. Kumtoa mtu mmoja kati ya wawili kwenye chanja saa nne asubuhi, wakati dagaa wanahitaji kugeuzwa na kunguru wanahitaji kufukuzwa, ili akaangalie mwani wa shilingi 24,000 kwa wiki sita, hesabu hiyo mimi siioni.

Bi Kamba (Jambiani)

Dada yangu, hizo 24,000 mvua haizigeuzi kuwa deni. Kamba zikikatika nimepoteza mbegu na vifundo vyangu. Sijapoteza 160,000 za mtu niliyemkopa. Isitoshe, mwaka ambao dagaa walikosekana kwa wiki nzima mfululizo, wewe ulikula nini?

Mama Chanja

Nilikula deni. Hilo sikukatalii.

Mkazi wa Kibuyuni

Kuna swali ambalo bado halijajibiwa, nalo ni muhimu kuliko mabishano yenu mawili mazuri. Mwalimu, kamba 30 ni kilo 30 kavu kila wiki sita. Mnunuzi wa mwani huja na gari kuchukua tani, naye kwa kawaida hununua kwa kikundi au kwa wale aliowapa kamba na mbegu kwa makubaliano kwamba watamuuzia yeye tu. Ukikubali kamba zake, umekubali bei yake. Ukinunua zako, umebaki huru, lakini kilo 30 utampelekea nani? Kwetu hatukufika popote hadi tulipokusanya pamoja ghalani. Kusaga mwani na kutengeneza sabuni ni njia nyingine, ila hiyo ni kazi ya tatu.

Mwalimu wa Zamu

Hilo sikulifikiria kabisa. Tulivyoamua hadi sasa ni kutotoa zaidi ya 250,000 katika mzunguko wa kwanza: 90,000 kwa chanja mbili za miti na wavu mkuukuu, tenga na sufuria tutaazima, na kununua ndoo nne tu katika giza linalokuja, mvua ikiwa haijaanza. Akiba inayobaki haiguswi hadi tuone magunia mawili ya kwanza yameuzwa. Kuhusu mwani, mama mkwe amesema atakwenda Mlingotini Jumamosi ya bamvua, awasaidie wanakikundi kufunga mbegu siku moja, na awaulize kama wanapokea kilo za mtu wa nje katika ghala lao na kwa makato gani. Bi Kamba, je, akienda aingie majini na viatu vya aina gani? Ana kovu la mwiba wa uduvi mguuni tangu utotoni na hataki lingine.

Bi Kamba (Jambiani)

Mwiba wa uduvi? Labda alikanyaga kiumbe kingine cha baharini chenye miiba, maana uduvi hauna mwiba wa kuacha kovu. Avae raba za zamani za kufunga kamba, zenye soli ngumu. Ndala hubaki kwenye matope. Na avae soksi ndefu ndani yake, kwa sababu chumvi na mchanga vikiingia kati ya kiatu na ngozi, kesho yake hatakanyaga.